Nimekubaliana na mtu mshahara wa mkononi. Mshahara ghafi nitaupataje?

*Swali: Tunaajiri fundi mkuu wa karakana hapa Mwanza. Kwenye mazungumzo tumeafikiana apate 1,500,000 taslimu mkononi kila mwezi, NSSF na PAYE zikishakatwa. Sasa mkataba unataka mshahara ghafi. Nilikata NSSF na PAYE kwenye hiyo 1,500,000, nikajumlisha makato juu yake nikapata 1,883,000, lakini nikiihakiki haitoi 1,500,000. Nakosea wapi?*

Andika 2,107,937 kwenye mkataba, au 2,108,000 ukitaka namba isiyo na chenji. Hiyo 1,883,000 ingemwachia 1,358,290, pungufu ya 141,710 kila mwezi, na angekuja kuuliza siku ile ile ya kwanza ya kupokea.

Kosa lako ni la kawaida sana kwa wanaofanya hesabu hii mara ya kwanza. Makato ya 383,000 uliyoyapata ni ya mtu ambaye mshahara wake ghafi ni 1,500,000. Ukishaupandisha mshahara, NSSF inakata kwenye mshahara mpya, na PAYE nayo inakata kwenye mshahara mpya. Kila shilingi uliyoongeza ili kufidia makato imekatwa na yenyewe. Ukirudia kujumlisha pengo mara nyingi utafika mwishowe, ila ipo njia ya kufika kwa hatua moja.

Nenda kinyume cha njia ambayo makato yanapita. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, NSSF inatangulia: asilimia 10 ya mshahara ghafi inatoka kwanza, na PAYE inapigwa kwenye asilimia 90 inayobaki, kwa sababu mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii hautozwi kodi. Kwa hiyo ukirudi nyuma, unaanza kuifuta PAYE, halafu ndipo unaifuta NSSF. Ukibadilisha mpangilio huo, jibu litakuwa la uongo hata kama kila hesabu umeipiga sawasawa.

Ugumu uko kwenye PAYE, maana inapanda kwa ngazi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kila kinachozidi 1,000,000 ni asilimia 30. Ngazi hizi zimepangwa kwa kipato kinachotozwa kodi, yaani baada ya NSSF na kabla ya PAYE. Wewe mkononi una kiasi kilichokwisha kukatwa kodi, kwa hiyo huwezi kuichukua 1,500,000 ukaitafuta kwenye jedwali hilo. Inabidi kwanza ujue kila ngazi inaishia kwenye shilingi ngapi za mkononi.

Hilo ni rahisi, ukilifanya mara moja linatosha mpaka viwango vibadilike. Aliye kwenye ukingo wa 520,000 analipa kodi 20,000, anabaki na 500,000. Wa 760,000 analipa 68,000, anabaki na 692,000. Wa 1,000,000 analipa 128,000, anabaki na 872,000. Basi jedwali la kurudi nyuma linakuwa hivi:

| Kiasi cha mkononi | Kipato kinachotozwa kodi |
|---|---|
| hadi 270,000 | ni kile kile |
| hadi 500,000 | 270,000 + (mkononi − 270,000) ÷ 0.92 |
| hadi 692,000 | 520,000 + (mkononi − 500,000) ÷ 0.80 |
| hadi 872,000 | 760,000 + (mkononi − 692,000) ÷ 0.75 |
| zaidi ya 872,000 | 1,000,000 + (mkononi − 872,000) ÷ 0.70 |

Fundi wako yuko mstari wa mwisho. Toa 872,000 kwenye 1,500,000, inabaki 628,000. Hizo 628,000 ndizo zilizopitia panga la asilimia 30, maana yake ni asilimia 70 ya kilichokuwepo. Gawanya kwa 0.70 upate 897,142.86, jumlisha 1,000,000, kipato kinachotozwa kodi ni 1,897,142.86. PAYE umeshaifuta. Sasa ifute NSSF: kiasi hicho ni asilimia 90 ya mshahara ghafi, kwa hiyo gawanya kwa 0.90. Unapata 2,107,936.51.

Usikubali namba yoyote kabla hujaishusha tena. NSSF ya 2,107,936.51 ni 210,793.65. Kipato kinachotozwa kodi kinabaki 1,897,142.86. PAYE ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya 897,142.86, jumla 397,142.86. Toa, inabaki 1,500,000 kamili. Ukipandisha mshahara hadi 2,108,000 atapata 1,500,040. Ukiamua kuondoa senti, pandisha juu, usishushe, la sivyo mtu aliyeahidiwa milioni moja na nusu ataona 1,499,999 kwenye salari slipu, na hakuna maelezo yatakayomridhisha.

Sehemu mbili watu wanajikwaa hapa. Ya kwanza ni kuzidisha badala ya kugawanya: mtu anachukua 1,897,142.86 anaongeza asilimia 10, anapata 2,086,857. Lakini asilimia 10 ya NSSF inahesabiwa kwenye mshahara ghafi, ambao ni mkubwa kuliko kiasi alichokishika, kwa hiyo kuongeza asilimia 10 ya kilicho kidogo hakurudishi kilichokatwa. Huyo fundi angepungukiwa 13,280 kila mwezi.

Ya pili ni ya hila zaidi, kwa sababu kosa lake ni dogo na hujificha. Chukua mtu aliyeahidiwa 900,000 mkononi. Mhasibu anaangalia jedwali la kawaida la PAYE, anaona 900,000 iko kati ya 760,000 na 1,000,000, anatumia 0.75, anapata mshahara ghafi wa 1,152,593. Mkononi zinaingia 898,133. Hazijafika kwa sababu 900,000 ya mkononi imeshavuka 872,000, yaani kipato chake kimeshaingia ngazi ya asilimia 30. Jibu sahihi ni 1,155,556. Pengo la 1,867 si la kumfanya mtu agombane mwezi wa kwanza, ndiyo maana linaweza kukaa kwenye orodha ya malipo mwaka mzima bila mtu kuligusa.

Kama unatumia Excel, weka kiasi cha mkononi kwenye seli B1 na fomula hii popote:

```
=IF(B1<=270000,B1,
 IF(B1<=500000,270000+(B1-270000)/0.92,
 IF(B1<=692000,520000+(B1-500000)/0.8,
 IF(B1<=872000,760000+(B1-692000)/0.75,
 1000000+(B1-872000)/0.7))))/0.9
```

Ile `/0.9` ya mwisho iko nje ya mabano yote. Ikiingia ndani itagusa mstari mmoja tu na mishahara midogo itatoka bila NSSF. Wapo wanaopenda `Goal Seek`: unatengeneza karatasi ya kushusha mshahara kama kawaida, kisha unaiagiza Excel itafute ghafi inayotoa mkononi unaoutaka. Inafanya kazi, lakini kama karatasi yako ina `ROUND` kwenye kila kato, matokeo yanaruka kwa vipande na inaweza kusimama kabla ya kufika. Pia inatafuta kwa seli moja moja, kwa hiyo kwa wafanyakazi ishirini fomula ni nafuu.

Sasa kuna jambo ambalo hukulitaja na linaweza kuwa kubwa kuliko yote: je, huyu fundi anadaiwa na HESLB? Kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, mwajiri anapaswa kumkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kato hilo halipunguzi kodi, linatoka baada ya PAYE kukokotolewa. Ukiahidi kwamba 1,500,000 ni baada ya HESLB pia, na mshahara wake wote ni wa msingi, hesabu inageuka. Kwenye ngazi ya juu, kila shilingi ya ghafi inaacha 0.63 baada ya NSSF na PAYE. Toa 0.15 ya HESLB, inabaki 0.48, na juu yake kuna 172,000 isiyobadilika, ambayo ni nafuu anayoipata kwa sababu milioni yake ya kwanza haitozwi asilimia 30 yote. Hivyo ghafi ni (1,500,000 − 172,000) ÷ 0.48, sawa na 2,766,667.

Ishushe uone: NSSF 276,667, PAYE 575,000, HESLB 415,000. Umeongeza 658,730 kila mwezi ili kulipa deni la 415,000, kwa sababu nyongeza yenyewe nayo imekatwa NSSF na kodi. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya mwajiri kuubeba mzigo huo. Mweleze wazi kabla ya kusaini kwamba kiasi cha mkononi mlichoafikiana ni baada ya NSSF na PAYE peke yake. Ukiitumia njia hii ya HESLB kwa mshahara mdogo, hakikisha kwanza kwamba asilimia 90 ya ghafi uliyoipata inazidi 1,000,000. Kama haizidi, 0.48 na 172,000 si namba zake.

Makato ya kiasi maalumu, kama rejesho la SACCOS la 100,000, hayana taabu hiyo. Yajumlishe kwenye kiasi cha mkononi kabla ya kuanza, basi.

Na kwenye mkataba andika mshahara ghafi peke yake, usiandike wa mkononi. Ukiandika wa mkononi, viwango vya PAYE vikipanda wewe ndiye unayelipa nyongeza, na vikishuka mfanyakazi haoni tofauti. Ukiandika ghafi, mabadiliko yanabaki kwake, kama ilivyo kwa wafanyakazi wengine. Kwenye bajeti yako, kumbuka 2,107,937 siyo gharama yako yote: mchango wako wa NSSF ni asilimia 10 nyingine, yaani 210,794, na tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kama inakuhusu, pamoja na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, zinahesabiwa kwenye ghafi hiyo hiyo.