Barua kwa mwanangu: subiri "nzuri" ya pili

"Mama, asubuhi ile niliyofika niliwasalimu watu watatu kwa maneno yaleyale, 'habari za asubuhi', na wote watatu niliwaudhi. Baba mkubwa aligeukia zizini, rafiki yangu akaniuliza nimemkasirikia nini, na yule binamu mdogo akakimbilia jikoni. Shikamoo kwa baba mkubwa nilitoa. Sasa kosa langu lilikuwa nini?"

Mpwapwa, Jumanne jioni

Mwanangu mpendwa,

Nilikuwa kibarazani napeta uwele, na salamu zote tatu nilizisikia. Maneno hayakuwa na kosa. Ila yote yalitoka kwa sauti moja, laini, iliyonyooka, ya haraka kidogo, kama ya mtu anayejua nyuma ya anayemsalimu kuna mwingine anasubiri. Hiyo ni sauti ya mapokezi. Umeitumia hotelini miaka minne na huko ndiko mahali pake, maana mgeni wa hoteli anataka asalimiwe sawasawa na mgeni mwenzake. Hapa nyumbani mtu anasikiliza kama salamu ni yake yeye, au ni ya yeyote atakayepita.

Nianze na baba yako mkubwa, maana hapo ndipo palipoumiza.

Ulipiga goti vizuri, ukasema shikamoo, akasema marahaba. Kabla ile "marahaba" haijamtoka yote mdomoni ukawa umeshaingiza "habari za asubuhi". Akasema "nzuri". Ukasema "haya, asante", ukamgeukia rafiki yako aliyekuwa anaingia getini. Ukihesabu, sidhani kama zilipita sekunde tano. Yeye alikuwa bado hajajibu, mwanangu. Ile "nzuri" haikuwa jibu. Ilikuwa mlango tu, na wewe uliondoka ukiwa mlangoni.

Mzee wa huku akiulizwa habari husema "nzuri" kwanza, hata kama usiku kucha hakulala. Hata msibani utasikia "nzuri". Hadanganyi. Ni heshima kutomtupia mtu tatizo lako kabla hajakaa. Habari yenyewe huja baada ya hapo, kama aliyeuliza ameacha nafasi. Akiona hukuacha nafasi, anaelewa kwamba hukutaka kujua, na atainuka aende zizini kama alivyofanya.

Kesho yake nilikwenda kwake mwenyewe. Nakuandikia tulivyosema, ili uone pale ambapo sauti inafanya kazi.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba shemeji, karibu."

Nikanyamaza mpaka neno "karibu" likatulia. Nikavuta kigoda, nikakaa. Ndipo nikasema "habari za asubuhi?", sauti ikiwa chini kuliko ya shikamoo, na ile "asubuhi" nikaivuta kidogo, "asubuuhi", kama mtu anayetua mzigo.

"Nzuri."

Sikusema kitu. Nilitazama chini, kwenye miguu yangu, maana ukimkazia mzee macho ni kama unamdai.

"Nzuri tu," akasema.

Hiyo ndiyo "nzuri" ya pili, na sikiliza hiyo "tu". Ikiwa fupi na nyepesi, kweli ni nzuri, mnaendelea na mengine. Ikiwa imeshuka na imechoka, kuna jambo. Safari hii ilishuka.

"Za mifugo?"

"Aah. Mifugo ipo. Yule ndama mweupe hatukuamka naye jana."

Jana, mwanangu, ndiyo asubuhi uliyofika. Alikuwa ametoka kuzika ndama. Ulimuuliza habari, naye alikuwa nayo.

Neno "habari" lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ni taarifa. Ukimwambia mzee "habari za asubuhi" umemwomba taarifa, lazima uwe na muda wa kuipokea. Ndiyo maana salamu ya wazee inakwenda kwa vipande: za asubuhi, za nyumbani, za mifugo, za shamba, na kwetu huku mvua inakoanza Desemba na kutuacha mapema, "za mvua" ni swali la chakula cha mwaka mzima. Kila kipande kina kimya chake. Si lazima uvitaje vyote. Viwili vinatosha, ukivisubiri. Kumi ukivimwaga kwa mkupuo ni sawa na kile ulichofanya.

Na mara nyingi mzee mwenyewe ndiye huanza: "Hujambo? Habari za huko?" Akianza, mwachie. Mjibu kwanza, halafu umrudishie. Ukimtangulia inasikika kama wewe ndiye mkubwa unayekagua nyumba yake. Utajua salamu imefika akikuuliza swali la kwako, umelala wapi, umekula nini. Akijibu "nzuri" na macho yake yakaenda mbali, haijafika, na bado unaweza kukaa chini ukaanza upya. Hakuna mzee atakayekukatalia.

Nilikua nikizungumza Kigogo, na pengine ndiyo sababu mambo haya nayasikia upesi. Kwetu mtu mmoja unamwambia "mbukwa", wengi wakiwepo unasema "mbukwenyi". Neno lenyewe linabadilika mwisho wake, na anayesalimiwa anajua papo hapo kwamba umemwona. Kiswahili nacho kina "hujambo" na "hamjambo". Lakini "habari za asubuhi" haibadiliki hata herufi moja, uwe unamwambia babu au mtoto wa miaka tisa. Kazi yote ya kubagua imeachiwa sauti, kimya, na jina unaloliweka mwishoni.

Na hilo jina hukuliweka kwa yeyote kati ya wale watatu. "Habari za asubuhi, baba mkubwa." Hata ungekosea mengine yote, hilo lingekuokoa nusu ya njia.

Rafiki yako sasa. Kwake kosa lilikuwa kinyume kabisa. Baba mkubwa ulimpunguzia, yeye ukamzidishia. Mmecheza pamoja tangu mnaokota ubuyu, na siku zote nimewasikia mkisalimiana kabla hamjafikiana: "Za asubuhi!" "Safi, za kwako!" Neno "habari" mlishaliangusha zamani. Sauti inapanda mwishoni, jibu linaingia kabla swali halijaisha, na hapo kuingiliana si utovu wa adabu, ndiyo raha yenyewe. Siku ile ukamwambia "habari za asubuhi", kamili, neno kwa neno, sauti imelala. Kati ya marafiki, salamu kamili ni salamu ya mtu mwenye kinyongo. Hivyo ndivyo tunavyomsalimu aliyetukopa akapotea, au tuliyesikia ametusema vibaya. Ndiyo maana alikuuliza umekasirika nini. Alikusikia sawasawa.

Ungeweza kutumia maneno hayohayo yote na asichukie, kama ungeyavuta kwa furaha, "habaari za asubuuhi!", mikono imeshafunguka. Hapo ukamilifu wake ungekuwa mchezo, naye angekujibu kwa urasmi uleule mkacheka. Kwa rafiki cha kuogopa ni sauti iliyolala. Mpigie leo umwambie ilikuwa safari na usingizi. Yeye ni mwepesi, yataisha.

Kwa binamu yako nataka usome polepole, kwa sababu nadhani ulifikiri mtoto ana aibu tu.

Mtoto ndiye anayetakiwa kuanza. Anajua hivyo, shangazi yako amemfundisha tangu anaanza kusema. Asubuhi ile alikuwa amesimama kwenye nguzo, anakutazama, anakusanya ujasiri wa kusema shikamoo, maana hajakuona tangu ana miaka saba na alishaanza kukusahau sura. Wewe ukamwahi. Ukamtazama ukasema "habari za asubuhi" kwa ile sauti iliyonyooka. Mkubwa akimtangulia mtoto kwa salamu ya watu wazima, tena bila tabasamu, mtoto haisikii kama salamu. Anasikia: mbona hujaniamkia? Hata mimi ninyi nilikuwa nawafanyia hivyohivyo mkipita mbele ya mgeni kimya kimya. Nilikuwa nasema "habari za asubuhi" kwa sauti hiyohiyo, na mlikuwa mnarudi mbio kutoa shikamoo. Yeye hakujua arudi vipi, akakimbilia jikoni. Nilimkuta nyuma ya pipa la maji, analia bila sauti.

Kwa mtoto sauti inatakiwa ipande na ilainike, na mwili ushuke. Chuchumaa, macho yenu yawe sawa. Mpe nafasi aanze, hesabu mpaka tatu kimoyomoyo. Akisema shikamoo, iitikie "marahaba" nzima, si "mm", maana ameitoa kwa kazi. Halafu "hujambo?", akishasema "sijambo" ndipo uulize "habari za asubuhi, binamu?" kana kwamba kweli yeye ana mambo yake ya asubuhi, na anayo. Kuku wake ametotoa. Na kwa kuwa ni binamu yako, mtoto wa shangazi, utani unaruhusiwa. Akichelewa kuanza, unaweza hata wewe kumwambia "shikamoo bibi!" huku unacheka, naye atacheka akukatalie, "mimi si bibi!", na kamba itakuwa imekatika. Lakini lazima acheke. Neno hilohilo ukilisema umekunja uso ni fimbo.

Sikwambii haya yote ili hotelini ubadilike. Huko endelea kama walivyokufundisha. Ila ukiwa ndani ya basi, ukishapita Gairo na hewa ikaanza kukauka, anza kuisikiliza sauti yako, hata ukiwa unamwomba konda maji.

Baba mkubwa mpigie Jumapili, baada ya saa nne, atakuwa amesharudi kanisani. Kwenye simu hakuoni goti wala hakuoni ukitazama chini, kwa hiyo kimya chako ndicho kitakachosema. Mwache aitikie, mtaje kwa jina la udugu, uliza za asubuhi, na salio lisikusumbue. Usimtajie ndama, atakutajia mwenyewe.

Binamu yako ameshaniuliza mara mbili utarudi lini. Nimemwambia Pasaka. Anafanya mazoezi na kuku wake. Jana nimemsikia bandani anawaambia "shikamoo dada", anangoja, halafu anajiitikia mwenyewe kwa sauti nene.

Mama yako