Barua kwa mwanangu: herufi nne za mchumba wako

*"Mama, kwenye testi ya haiba mimi nimetoka ENFP, mwenzangu ISTJ. Kwenye jedwali la kulinganisha haiba tumeangukia rangi nyekundu, eti hatuendani kabisa. Shoga zangu wanaliamini kuliko mimi. Hizi testi zinajua kweli nani atakaa na nani? Nakuuliza wewe kwa sababu umefundisha upimaji."*

Mwanangu,

Huku Lindi wote wazima. Zile picha za skrini ulizonitumia nimezikuza mpaka nikaziona asilimia zilizoandikwa chini ya kila herufi, na shoga zako wangeanzia hapo kabla hawajafika kwenye rangi. Mwenzio kapewa I kwa asilimia 53, S kwa 58, T kwa 51 na J kwa 79. Hiyo J nakubali, ni mtu wa ratiba, hata mimi nimemwona. Lakini T ya 51 ina maana alisimama katikati kabisa kati ya anayeamua kwa hoja na anayeamua kwa kuangalia moyo wa mtu. Swali moja angelijibu tofauti kidogo, labda kwa sababu siku hiyo alikuwa na njaa, angeandikiwa F. Na I yake, ya mtu mkimya, iko jirani na E ya mchangamfu. Kwa hiyo huyo ISTJ anayewatisha angeweza kutoka ESFJ wiki ile ile, na kijana ni yule yule.

Tatizo liko kwenye namna testi inavyokata. Ukiwapima watu wengi upole na uchangamfu, hawajigawi makundi mawili. Wengi wanarundikana katikati, na wachache ndio wako pembeni kabisa. Testi inachora mstari palepale penye msongamano, halafu inampa wa 51 herufi sawa na wa 95. Ni kama mwalimu aweke alama ya kufaulu pale ambapo nusu ya darasa imejazana, kisha aseme aliyepata 49 na aliyepata 51 ni wanafunzi wa aina mbili.

Sasa piga hesabu nami. Tuseme, kwa mfano tu, kila herufi ina nafasi 85 katika 100 ya kubaki ilivyo mtu akirudia testi mwezi ujao. Ukiitazama herufi moja peke yake, si mbaya. Ila ISTJ haibaki ISTJ mpaka zote nne zibaki pamoja: 0.85 mara 0.85 mara 0.85 mara 0.85, unapata 0.52. Nusu tu. Tafiti zilizowapima watu tena baada ya wiki chache zimekuta hali ya namna hiyo: wanaobadilika angalau herufi moja hufikia karibu nusu. Nawe pia unabadilika, si yeye peke yake. Ili mrudi kwenye kisanduku kile kile cha jedwali lazima wote wawili mbaki mlivyo: 0.52 mara 0.52, yaani 0.27. Mkirudia, mara tatu kati ya nne mtajikuta kisanduku kingine, pengine cha kijani, na shoga zako watapiga vigelegele.

Wapiga falaki wetu wa pwani wamewazidi wenye testi hapo. Wao huchukua jina lako na la mama yako, wakaligeuza tarakimu za abjadi, wakajumlisha, wakatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka kinachobaki ndiyo nyota yako. Rudi mwakani, nyota ni ile ile. Lakini kipimo kisichoyumba bado kinaweza kuwa hakipimi ndoa, na ndiyo sababu wanafunzi wangu niliwafundisha kwanza uthabiti, yaani kipimo kurudia jibu lile lile, na baadaye uhalali, yaani kupima kile kinachodai kupima. Testi yenu imeyumba kwenye la kwanza. La pili ndilo kubwa zaidi.

Herufi hizi zina mizizi kwenye kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921. Katharine Briggs, Mmarekani, na binti yake Isabel Myers ndio waliozigeuza kuwa dodoso, na Isabel alilianza wakati wa vita kuu ya pili akitaka watu wapate kazi zinazowafaa. Kazi, si mume. Na jedwali ulilonitumia halisemi popote lilitokana na kufuatilia wanandoa gani, kwa miaka mingapi.

Wapo watafiti waliofuatilia. Kule Marekani, miaka ya 1930, mtafiti Lowell Kelly alizichukua jozi 300 za wachumba, watu wa hali yako hiyo kabisa, akawapima haiba kabla hawajaoana, kisha wakafuatiliwa mpaka miaka ya 1980. Matokeo yalichapishwa 1987. Kilichoonyesha mapema ndoa ipi itakuwa ya taabu au itavunjika kilikuwa zaidi wepesi wa mtu kuwa na wasiwasi, kuhamaki na kusononeka, awe mume au mke. Na kwa mume, kushindwa kujizuia pale tamaa au hasira inapompanda. Hilo la kufanana, ambalo jedwali lote limejengwa juu yake, lilipimwa baadaye kwa watu zaidi ya 20,000 wa Australia, Uingereza na Ujerumani. Mchango wa kufanana haiba katika kuridhika na ndoa haukufika hata asilimia 1. Haiba ya mtu mwenyewe ilikuwa na uzito zaidi, ya mwenzi wake kidogo, na kulingana kwao karibu si kitu.

Tazama tena picha zako. Baada ya zile herufi nne kuna kistari na herufi ya tano. Yako ni T, si ile T ya hoja, na yake ni A. Nyote mmeiacha mlipokuwa mnajitambulisha, na jedwali halina hata nafasi yake. Hiyo ndiyo inayokaribia kile alichopima Kelly: A ni mtu asiyetikisika upesi, T ni mwepesi wa wasiwasi. Usiifanye nayo hukumu, maana imekatwa kwa mstari ule ule. (Yako ni asilimia 56, usianze kulia.) Kelly naye hakusema mwenye wasiwasi asioe, alionyesha uelekeo kwa watu wengi, na ndani ya wale wengi wapo waliokaa vizuri mpaka uzeeni.

Mimi ningemtazama mwezi ule malipo ya korosho yanapochelewa. Mnada umepita, chama cha msingi kinasema subirini, wapuliziaji wanadai chao, baba yake anapiga simu kutoka Masasi kila jioni. Anamjibuje baba yake? Anamjibuje mpuliziaji, ambaye hana la kumfanya? Anakwambia ukweli kuhusu hela, au anakopa kimya kimya? Nawe jitazame siku hiyo: unamwongezea moto au unampunguzia? Hayo mjomba wako atayauliza kwao bila dodoso, na majirani watamjibu kuliko wewe unavyodhani.

Ile J yake ya 79 na P yako ya mtu asiyependa ratiba, hapo mzungumze. Wewe hujawahi kufunga begi kabla ya asubuhi ya safari, naye atakuwa amekaa stendi tangu saa kumi alfajiri. Hamtaachana kwa hilo, ila mtagombana, na ni afadhali mpange mapema nani anashika tiketi.

Mjomba anataka kwenda Masasi kabla mvua hazijaanza kuharibu njia ya kuingia kijijini kwao. Niambie kama nimruhusu.

Mama yako