Saa ya pamoja inayopotea kila Novemba

Timu yetu imegawanyika Dar es Salaam, London na Toronto. Ukituuliza tunaweza kukutana wote saa ngapi, nasi tutakuuliza: mwezi gani? Wengi wakifungua kipanga mikutano cha mtandaoni, kama kile cha timeanddate.com, huingiza majina ya miji, wakaona mstari wa kijani, kisha wakatuma mwaliko wa kila wiki mpaka mwisho wa mwaka. Kumbe kijani kile ni cha tarehe moja tu, ile waliyoichagua mwanzoni.

Chukua siku ya Julai. Tuseme kila mtu yuko kazini 9:00 hadi 17:00 za kwake. (Natumia mtindo wa saa 24, 16:00 ndiyo saa kumi jioni. Kwenye timu yenye wageni msiandikiane kwa namna nyingine, mtapishana saa sita nzima.) Dar iko mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kupimia, kwa saa 3 mwaka mzima. Mwezi huo London iko mbele kwa saa 1, Toronto iko nyuma kwa saa 4. Toronto wakiingia kazini 9:00, London ni 14:00 na Dar ni 16:00. Sisi tunatoka 17:00, kwa hiyo tuna saa moja ya kukutana.

Sasa badilisha tarehe tu, weka Januari. Toronto wamesharudisha saa nyuma, wako nyuma ya UTC kwa saa 5. Wakiingia kazini 9:00, Dar ni 17:00 kamili na watu wanafunga kompyuta. Ile saa moja imekwisha, na hakuna aliyebadilisha ratiba yake ya kazi.

Katikati ya misimu hiyo kuna majuma yanayosumbua zaidi, kwa kuwa Toronto na London hawabadilishi saa siku moja. Mwaka 2026 Toronto wanasogeza mbele tarehe 8 Machi, London tarehe 29 Machi. Kwa wiki tatu hizo London wako karibu na Toronto kwa saa moja zaidi: kikao cha 16:00 Dar ni 9:00 Toronto, lakini London ni 13:00, watu wako kwenye chakula cha mchana. Mwishoni mwa mwaka London wanatangulia, 25 Oktoba, Toronto wanafuata 1 Novemba. Kwa hiyo kabla ya kutuma mwaliko, jaribu tarehe tatu kwenye kipanga: moja ya Julai, moja ya katikati ya Machi, moja ya Januari. Dakika chache tu zinatosha.

Baada ya hapo inabaki kuamua mwaliko ufuate saa ya mji gani. Kalenda hushikilia ukanda wa saa uliochaguliwa wakati mwaliko unatengenezwa. Ukiufunga kwenye 9:00 ya Toronto, Novemba sisi wa Dar ndio tutahamishiwa 17:00. Ukiufunga kwenye 16:00 ya Dar, Toronto wataamshwa kwa kikao cha 8:00. Mimi napendelea kuufunga kwenye mji usiobadilisha saa, maana angalau upande mmoja hautetereki, kisha wenzetu wanajua wazi kinachowapata. Chagua ukanda kwa jina la mji, mfano `Africa/Dar_es_Salaam`. Kalenda ikikuonyesha Nairobi usihangaike, saa ni ileile. Mtu akikuandikia "9:00 EST" mwezi wa Julai, muulize kwanza. EST ni saa ya majira ya baridi, na ukiifuata ilivyo utaingia kikaoni 17:00 ya Dar wakati wenzio walianza 16:00.

Kwa miezi ya baridi sisi tulikubaliana kugawana usumbufu: 16:30 Dar, ambayo ni 13:30 London na 8:30 Toronto. Kikao ni nusu saa na hakizidi, kwa sababu 17:00 mtu wa Dar anatakiwa awe anaelekea kituoni kabla foleni haijakolea. Toronto walinung'unika kidogo, wakazoea.

Kipanga hakioni kila kitu, lakini. Ramadhani ya 2026 imeangukia Februari na Machi, msimu uleule ambao vikao vinasukumwa kuelekea jioni ya Dar. Kwenye skrini 17:30 inaweza kuonekana kama saa inayowezekana. Kwa aliyefunga haiwezekani, jua la Dar linatua karibu na 18:40 na bado hajafika nyumbani kwa futari. Mwezi huo tunakata kikao mara mbili: Dar na London wanakutana 12:00 ya Dar, London na Toronto wanakutana jioni ya London, na mtu wa London ndiye anayebeba habari kutoka upande mmoja kwenda wa pili.