Sini imepoa baada ya muziki wa muda kuondolewa: muziki uingie wapi na utoke wapi?

*Kaka, nimeongoza filamu fupi ya dakika 24. Wakati wa kuhariri tuliweka muziki wa muda tuliouchukua kwenye filamu nyingine, ukakaa vizuri mno. Sasa mtunzi ameleta wa kwake, na kila nikiuweka naona sini imepoa, hasa ile ya binti kufungua sanduku la marehemu baba yake. Ameshaurudia mara mbili. Tatizo ni muziki wake au ni mimi? Na nitajuaje muziki uanze wapi na uishie wapi?*

Dada, sini uliyonitumia nimeitazama mara tano: mara mbili na muziki wa muda, mara mbili na wa mtunzi, na mara moja bila muziki wowote. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa jibu. Mtunzi wako hajaandika vibaya. Amepewa pa kuanzia pasipofaa, na picha iliyokatwa kwa kasi ya wimbo wa mtu mwingine.

Tuanze na kasi, kwa sababu ndiyo inayokufanya uone sini imepoa. Muziki wenu wa muda una mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde, na unakwenda mapigo manne manne. Nimepima shoti zako kuanzia binti anapoingia chumbani. Karibu kila mkato unaangukia baada ya sekunde nne au nane. Mhariri alikata huku muziki ukilia, mkono ukafuata sikio bila hata yeye kukusudia. Mtunzi naye ameandika kwa mapigo 72. Kwake mapigo manne yanachukua sekunde tatu na theluthi, kwa hiyo pigo zito la kwanza linatangulia mkato kidogo, la pili linautangulia zaidi, na likija la tatu hakuna tena uhusiano kati ya kinachoonekana na kinachosikika. Hicho ndicho unachokiita kupoa. Angeandika wimbo mtamu kuliko wote aliowahi kuandika, bado ungeuona umepoa.

Kipo na kingine, kidogo lakini kinadanganya sana. Muziki wa muda umepigwa na okestra kamili, ukarekodiwa studio na kukamilishwa. Alichokuletea mtunzi ni rasimu ya kompyuta, tena iko chini kwa sauti. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili huchagua chenye sauti kubwa na kukiita bora. Kabla hujalinganisha tena, teremsha ule wa muda mpaka ulingane na wake, kisha mwombe mtu ambaye hajawahi kuiona filamu asikilize yote miwili bila kumwambia upi ni upi. Wewe hufai kwa kazi hiyo, kwa sababu umeshaisikia sini hii na muziki ule mara nyingi kupita kiasi.

Mazoea hayo si yako peke yako. Stanley Kubrick alihariri 2001: A Space Odyssey akitumia muziki wa kale na wa kisasa uliokuwa tayari kwenye santuri. Mtunzi Alex North akaajiriwa, akatunga na kurekodi zaidi ya dakika 40 za muziki. Kubrick akabaki na ule wa santuri, na North akaja kugundua hivyo filamu ilipoonyeshwa mwaka 1968, alipoitazama na kutosikia hata noti yake moja. Kubrick aliweza kulipia haki za rekodi zile. Wewe ungetakiwa kupata ruhusa mbili tofauti, ya wenye utunzi na ya wenye rekodi, na maonyesho ya tamasha nayo yanahitaji ruhusa hizo. Kwa hiyo njia ya kubaki na wa muda naiweka kando.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa. Zima muziki wote, keti na mtunzi na mhariri, kila mmoja na karatasi yake, mtazame filamu nzima bila kusimama. Kazi ni moja tu: kila mmoja aandike namba ya muda pale anapohisi kukosa kitu. Msijadiliane bado. Mkimaliza mlinganishe karatasi. Pale mlipoandika wote watatu pana uwezekano mkubwa pakahitaji muziki. Pale alipoandika mmoja tu, mara nyingi ni mazoea ya ule wa muda, au ni shoti ndefu mno ambayo dawa yake ni mkasi.

Mkirudia mara ya pili, sini kwa sini, jiulizeni mtazamaji anajua nini kwa wakati huo na mhusika anajua nini. Muziki ukitangulia wote wawili unageuka umbea. Hilo ndilo lililotokea kwenye sanduku lako, na nitalipitia kwa dakika na sekunde zilizoko kwenye video yako.

Binti anasukuma mlango saa ya filamu ikiwa 14:20. Muziki wa muda unaanza hapo hapo, na mtunzi ameanza hapo kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoletewa. Sanduku linafunguliwa 14:52. Bahasha inatoka 15:10. Anasoma cheti cha hospitali 15:24, na 15:31 macho yake yanasimama kwenye tarehe. Mama anaingia 15:40, wanazungumza, na maneno ya mwisho ya mama, "Alijua tangu Ramadhani," yanaishia 16:18. Binti anamwangalia mama, anakirudisha cheti, anatoka uani, na 16:58 anaondoka kwa bodaboda.

Kwa hiyo kwa sekunde 71 kabla binti hajaiona tarehe, vinanda vya huzuni vimeshatuambia ndani ya sanduku mna msiba. Mwigizaji wako anacheza udadisi, tena anaucheza vizuri: anapuliza vumbi, anatabasamu kidogo akiona kofia ya baba. Muziki unamkatalia. Bila muziki nilisikia bawaba ya sanduku, karatasi ikikunjuliwa, na jogoo wa jirani, nami nikawa nasubiri pamoja naye. Hapo hapahitaji kitu.

Kuna sehemu tatu ambazo muziki ungeweza kuingia. Ya kwanza ni tarehe, 15:31. Inavutia, lakini mtazamaji bado anajumlisha kichwani kwamba baba aliugua kabla ya harusi na hakumwambia mtu. Noti moja hapo inamwambia ameshapata jibu kabla hajalipata. Ya pili ni mama anapotamka "Alijua". Muziki unaoanza juu ya neno zito unalipigia mstari, na neno lililopigiwa mstari linaonekana kama mwongozaji hakuliamini. Isitoshe sauti ya mama ni nzito na ya chini, na ala alizotumia mtunzi zinalia mle mle, kwa hiyo mtu wa kuchanganya sauti atalazimika kuuteremsha muziki mpaka usisikike.

Ya tatu ndiyo ningeichagua. Baada ya mama kunyamaza, binti anakaa kimya sekunde tatu hivi, kisha 16:21 anainua macho. Hapo ndipo wote tunajua kitu kimoja, na yeye peke yake ndiye mwenye uchungu wake. Nje kuna mtu anatua sufuria, unaisikia 16:22. Anzisha muziki chini ya mlio huo, ala moja, taratibu, ili mtazamaji asiweze kusema umeanza wapi. Kuanza kunakosikika wazi ni kuzuri pale unapotaka kumshtua mtu. Hapa hutaki.

Kutoka ndiko wengi hukosea, na wewe pia umekosea. Muziki wa muda unafifia polepole mpaka 17:05, katikati ya shoti ya barabara, pasipo kitu chochote kutokea. Kufifia kwa namna hiyo ni dalili kwamba aliyeuweka hakujua sini imeishia wapi. Sini yako inaishia pale bodaboda inapowashwa, 16:57. Acha noti ya mwisho ipigwe binti akikanyaga kizingiti cha mlango, mwangwi wake uendelee, na mlio wa injini uufunike. Kuna tahadhari moja. Muziki ukiondoka huacha shimo, hasa kama chini yake mlizima sauti za mazingira. Utalitambua kwa jinsi chumba kinavyoonekana kufa ghafla. Mwombe mtu wa sauti arudishe upepo na kelele za uani sekunde mbili kabla ya muziki kwisha.

Kwa hesabu hiyo kipande hiki kinakuwa cha sekunde 35 badala ya dakika mbili na robo tatu. Usiogope. Kitasikika zaidi, kwa kuwa kimetanguliwa na ukimya.

Kuhusu mikato, kama picha haijafungwa, mhariri aipitie upya sehemu ya 14:20 hadi 15:31 muziki ukiwa umezimwa, akifuata mikono na macho ya binti. Nina hakika shoti mbili za sekunde nane zitafupika, na namba zote zilizo baada yake zitasogea. Kwa hiyo fanyeni hilo kwanza, ndipo mmpe mtunzi namba za kudumu. Kama picha imeshafungwa na hairudi nyuma, hakuna hasara kubwa, kwa kuwa muziki mpya hauigusi tena sehemu iliyokatwa kwa mapigo 60.

Mtunzi mwandikie upya, na usimwambie "kama ule wa mwanzo." Niliwahi kupewa maelekezo hayo, nikafuata kwa utiifu mpaka mwenye filamu akaingiwa na hofu ya kushtakiwa kwa kuiga, nikaandika upya dakika 12 za muziki kwa siku nne. Mwandikie hivi: kipande cha nne, kinaanza `00:16:22:08`, kinaisha `00:16:57:00`, fremu 25 kwa sekunde, kinaingia chini ya sufuria bila kusikika kinaanza, ni wa binti, si wa mama, amegundua alifichwa, na bado hajakasirika. Maneno hayo mawili ya mwisho yatamfaa kuliko jina la ala yoyote.

Video utakayompelekea iwe na namba za muda zinazoonekana kwenye picha, na mazungumzo yawe kwenye njia yake ya sauti, tofauti na muziki wa muda. Akitaka kuusikia ule mara moja ajue mlikuwa mnatafuta hisia gani, ausikie. Kisha auzime. Ile uliyompa mwanzo imechanganywa yote pamoja, hivyo kila alipokaa kutunga alikuwa anatungia juu ya wimbo mwingine unaolia.