Kwenye makadirio ya fedha taslimu, Machi imefunga na hasi: nijaze vipi Aprili, na nishauri nini?

"Machi: salio la kuanzia 4,000, zilizoingia 18,000, zilizotoka 25,000. Aprili ziliingia 22,000, zikatoka 15,000. Nimalizie vipi, na ushauri uwe upi?"

Machi inafunga na (3,000). Hiyo hasi ndiyo inayofungua Aprili. Wengi huandika sifuri hapo, na miezi yote inayofuata inaharibika. Aprili basi inafunga na 4,000.

Kabla ya kushauri, angalia kilichoivuta Machi chini. Kama ndani ya zile 25,000 kuna mashine ya 9,000, pendekeza inunuliwe Aprili: Machi itafunga na 6,000, Aprili palepale 4,000. Kama mashine haiwezi kusubiri, omba ovadrafti ya mwezi mmoja, ukitaja riba yake. "Ongezeni mauzo" peke yake ni jibu hafifu, hasa wateja wakinunua kwa mkopo.