Anakusikia, Ila Hakusikilizi

Shangazi, mume wangu tukikaa kula simu haimtoki mkononi. Nikilalamika anasema, "Endelea, nakusikia." Nimechoka kuongea na ukuta. Mama wa wawili, Tabata

Sauti yako anaisikia, mama. Maneno ndiyo hayamfikii. Mtu anaweza kumenya viazi huku anafuata habari ya ada ya shule, lakini akisoma meseji za grupu maneno ya kwenye kioo na ya kwako yanagombea mlango mmoja. Usimpime kwa kumuuliza, "Haya, nimesema nini?" Sauti hubaki kichwani sekunde chache hata kwa asiyesikiliza, kwa hiyo atakurudishia maneno yako matatu ya mwisho na kesi ameshinda.

Wewe nyamaza. Sisemi unune. Akitupia jicho mara ya kwanza mwachie, huenda ni muamala umeingia. Akirudia, katisha sentensi inaponing'inia: "Mwalimu wao kaniambia kwamba..." kisha mega tonge lako ule. Ukiifikisha mwisho hana sababu ya kuinua kichwa, ila ikikatika njiani sikio linabaki linadai kilichobaki. Akiuliza, "Kwamba nini?" mjibu, "Maliza kwanza, nakusubiri," kwa sauti ile ile ya kumwambia chai iko tayari. Ukitia kijembe mtamaliza ugali mnajadili kijembe, na ada itabaki palepale. Akishaiweka simu, anza habari upya tangu mwanzo.

Na asipoinua kichwa? Mtazame kidole gumba. Mwenye jambo la haraka husoma, huandika, huweka simu chini. Gumba likipandisha tu bila kusimama, hapo hakuna anachokitafuta, ni mazoea, na ukimya wa mara moja hauondoi mazoea. Mwambie siku nyingine, nje ya chakula, na umwombe kitu kidogo kinachopimika: simu ikae juu ya friji tangu ugali unapotengwa hadi sahani zinapoondoka. Ya kwako pia, mama. Habari ya ada mpelekee mkiwa mnatembea kwenda dukani, maana wengi huwa rahisi kuongea nao wakiwa njiani kuliko wakikaliwa uso kwa uso.

Bosi ananiita nieleze kazi, nikianza anachati. Nikinyamaza anasema endelea. Nifanyeje bila kuonekana sina adabu?

Mbinu ya kukatisha sentensi usiipeleke ofisini, kwa mkubwa itasomeka kama kiburi. Wewe geuza mpangilio. Wengi tunaanza na historia na kuweka ombi mwisho, wakati yeye ameshahama. Tanguliza unachotaka akiamue: "Mzee, nahitaji saini yako kwenye hati hii ya malipo kabla ya saa sita." Kisha weka karatasi mbele yake, kalamu juu yake, usubiri. Akiwa bado yuko kwenye simu, uliza, "Nipite baada ya nusu saa?" Hapo umempa njia ya heshima, naye atachagua. Ukiona maelezo ni marefu, mwandikie mistari mitatu hukohuko kwenye simu anakoangalia. Sioni aibu kushauri hivyo.

Nikimnyang'anya rafiki yangu simu kwa utani, kuna ubaya?

Upo. Siku hizi simu ni pochi, ni barua, ni siri za watu wengine. Utani huo huisha vibaya hata kwa marafiki wa tangu shule.

Mimi ndiye mkosaji. Mama yangu anaumwa, yuko Tanga, nami nikikaa na watu nachungulia simu kila dakika nisije nikakosa taarifa. Wananiona nina dharau.

Pole, mwanangu. Sema mapema, kabla hujakaa: "Mama anaumwa, nikipigiwa nitatoka nje." Anayejua sababu hatakuhesabia mara ulizochungulia.

Halafu simu ikusaidie kungoja. Kwenye Android fungua mipangilio, tafuta "Usinisumbue", iwashe, kisha upande wa simu zinazopigwa ruhusu wapigaji unaowataka tu, yaani mama na ndugu anayemuuguza. Ruhusu pia wanaorudia kupiga: mtu yeyote akikupigia mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Mwambie muuguzi, "Likitokea jambo piga, usiandike, na nisipopokea rudia hapohapo." Bila makubaliano hayo atakutumia ujumbe wa WhatsApp, simu itakaa kimya, nawe utarudi kuchungulia. Jaribu kwanza nyumbani kwa kupigiwa na namba ngeni mara mbili: ya kwanza iwe kimya, ya pili ilie. Ukishaiamini, igeuze kifudifudi mezani.