Tanzia ya akiba: kuiandika mhusika akiwa hai na kuitunza isichakae

Kiongozi mashuhuri akifariki alfajiri, kufika saa 2 asubuhi vyumba vya habari vya Mbeya na Iringa vinatakiwa kusema alizaliwa wapi, alishika vyeo gani na aliviacha lini. Asiye na faili ataokota maelezo kwenye makundi ya WhatsApp. Makosa yake hayaishii gazetini. Huingia kwenye wasifu wa marehemu unaosomwa siku ya maziko, kwa sababu wanafamilia waliochoka na kilio mara nyingi huunakili kutoka kwenye habari waliyoiona kwanza. Ndiyo maana tanzia ya akiba huandikwa mapema, mhusika akiwa mzima.

Kuiandika ni kazi ya siku chache. Kinachowashinda wengi ni kuitunza. Faili la mwaka 2015 likifunguliwa leo lina cheo ambacho mhusika alishakiacha, mke aliyetangulia mbele ya haki, na wilaya iliyohamia mkoa mwingine. Dawa yake ni kupanga faili tangu mwanzo ili yanayobadilika yasichanganyike na yasiyobadilika.

Nitumie mfano wa kubuni. Mwanasiasa mstaafu amezaliwa Mbozi mwaka 1944, akafundisha shule ya msingi, akawa ofisa wa serikali Iringa, akawa mbunge kuanzia 1985 hadi 1995, kisha akarudi kijijini kwake kulima kahawa. Faili lake liwe na sehemu tatu: aya ya kwanza yenye nafasi zilizoachwa wazi, mwili wa habari wa maneno kama 700, na karatasi ya ukweli ambayo msomaji hataiona kamwe.

Karatasi ya ukweli ndiyo roho ya faili. Kila jambo lina mstari wake, na kila mstari una mambo matatu: taarifa yenyewe, ilikotoka, na tarehe uliyoihakiki mara ya mwisho. Uteuzi utafute kwenye Gazeti la Serikali. Alichosema bungeni kisome kwenye Hansard, usitegemee kumbukumbu za waliokuwa naye. Kwa wazee wa kizazi hicho, daftari la ubatizo la misheni linaweza kukupa mwaka wa kuzaliwa ulio karibu zaidi na kweli kuliko kitambulisho, kwa kuwa wengi walikadiriwa umri walipoanza shule au kazi. Vyanzo vikitofautiana, andika vyote viwili kwenye karatasi, kisha chagua kimoja na ueleze kwa nini. Usimwachie mwenzako uamuzi huo saa 11 alfajiri.

Umri usiuandike popote. Andika tarehe ya kuzaliwa tu, umri utapigiwa hesabu siku ya tukio, na upigwe kwa tarehe kamili. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 akafariki tarehe 29 Februari 2024. Ukitoa mwaka kwa mwaka unapata 99, lakini alikuwa na miaka 98, siku yake ya kuzaliwa ilikuwa bado.

Kwetu huku majina ya mahali yanachakaa haraka kuliko vyeo. Njombe ilitoka Iringa na kuwa mkoa mwaka 2012, na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Kwa hiyo mzee wetu hakuzaliwa "mkoani Songwe" mwaka 1944, na kuandika "Mbozi, Mbeya" kutamfanya msomaji wa leo apotee. Njia salama ni "alizaliwa Mbozi, katika mkoa wa sasa wa Songwe". Neno "wa sasa" litabaki sahihi mpaka mipaka ichorwe tena, na mstari wake kwenye karatasi ya ukweli utakukumbusha kuangalia. Majimbo ya uchaguzi nayo hugawanywa: Mbeya Mjini iligawanywa kabla ya uchaguzi wa 2025 na kuzaa jimbo la Uyole. Jina la jimbo liache kama lilivyokuwa siku alipochaguliwa. Shule pia zihakikiwe. Aliyesoma Mkwawa High School hakusoma chuo kikuu, ingawa tangu 2005 mahali hapo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Hata vyeo vya kanisa hubadilika: Jimbo Katoliki la Mbeya lilipandishwa kuwa Jimbo Kuu mwaka 2018, hivyo askofu wa zamani wa Mbeya usimwite askofu mkuu kwa mazoea ya leo. (Na wanaoandika wakiwa Dar wakumbushwe kwamba uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya.)

Sifa za mdomo nazo zipimwe kwa tarehe. Tuseme jamaa wanasimulia kwamba mzee wetu alifanya kazi chini ya Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, wakati wa vijiji vya ujamaa. Klerruu aliuawa Ismani tarehe 25 Desemba 1971. Kama barua ya uteuzi wa mzee inaonyesha aliripoti Iringa mwaka 1973, simulizi hiyo inatoka kwenye faili, hata kama imekaririwa kwenye sherehe zake zote za kustaafu. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, kumbukumbu za watu wawili zimeunganishwa tu. Kuligundua hilo akiwa hai kunakupa nafasi ya kumuuliza mwenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu wa adabu. Kumwendea mzee wa Kihehe au wa Kinyakyusa na kumwambia unaandika tanzia yake atasikia kama unamwombea mabaya, na wanawe watakufukuza kwa haki. Lakini kumdanganya nako si sawa. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, sema kweli yenye heshima: "Mzee, tunahifadhi historia za viongozi wa Nyanda za Juu. Tungependa maisha yako yaandikwe kwa maneno yako, yatumike sasa na hata baadaye." Wengi wanaelewa bila kuambiwa zaidi, na wapo watakaokuuliza waziwazi. Ukiulizwa, kiri.

Kwenye mazungumzo hayo ndipo yaulizwe mambo mazito pia: kaya zilizohamishwa kwa nguvu, fedha za ushirika zilizopotea, kesi aliyoshinda au kushindwa. Desturi yetu inakataza kumsema vibaya marehemu, nami naiheshimu. Hata hivyo tanzia ya mtu wa umma si hotuba ya msibani. Jambo ambalo wananchi walilijua lisifutwe, na wakati wa haki wa kuliandika ni sasa, awapo hai na uwezo wa kujibu. Jibu lake liwekwe kwenye mwili wa habari likiwa na tarehe. Shutuma isiyo na hati wala shahidi isiingie, wala usiiweke akiba ukingoja asiweze kushtaki.

Sasa utunzaji. Faili la mwenye zaidi ya miaka 80, au anayejulikana hadharani kuwa mgonjwa, lipitiwe kila miezi sita. La wengine mara moja kwa mwaka. Mbali na ratiba, lifunguliwe kila inapotokea jambo linaloweza kubadilisha sentensi: uchaguzi, uteuzi, hukumu, kifo cha mwenzi, au kifo cha mtu uliyemnukuu. Hili la mwisho husahaulika. Nukuu ya rafiki aliyeshafariki si kosa, mradi isemwe aliitoa lini. Hata mwandishi anaweza kutangulia. Mel Gussow wa New York Times alifariki mwaka 2005, na tanzia aliyomwandikia mcheza filamu Elizabeth Taylor ikatoka mwaka 2011. Ilitumika kwa sababu wenzake waliendelea kuihuisha. Kila faili liwe na mwangalizi mwenye jina, na akihama kazi, akabidhi.

Mstari wa "ameacha mke na watoto" usiuandike kabisa. Ndio unaochakaa kuliko yote na ndio unaoumiza zaidi, hasa penye wake wawili au watoto wa nje ya ndoa. Uache wazi mpaka msemaji wa familia autaje. Nafasi zote wazi zitie alama moja ambayo haiwezi kupita bila kuonekana:

```
##JINA KAMILI## amefariki dunia ##SIKU, TAREHE##
katika ##MAHALI##, akiwa na umri wa miaka ##PIGA UPYA##.
Chanzo: ##NANI KATHIBITISHA, SAA NGAPI##
```

Kabla ya kuchapisha tafuta `##` kwenye kompyuta. Ikionekana hata moja, habari haitoki.

Mahali pa kuhifadhi ni muhimu vilevile. Faili lisikae ndani ya mfumo unaochapisha tovuti, hata kama limeandikwa `Draft`. Novemba 2020 redio ya Ufaransa RFI ilichapisha kwa bahati mbaya tanzia za watu wapatao 100 waliokuwa hai wakati huo, akiwemo Malkia Elizabeth na Pelé, ilipokuwa ikihamia mfumo mpya. Mwaka 2003 rasimu za CNN zilikutwa wazi mtandaoni, na ya Dick Cheney, Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, ilikuwa bado na maneno ya kumsifu Mama Malkia wa Uingereza, kwa kuwa ilijengwa juu ya tanzia yake. Yanatufundisha mambo mawili: weka rasimu kwenye folda tofauti yenye nywila, na usinakili tanzia ya mtu mmoja kuanzia ya mwingine. Fungua ukurasa mtupu.

Siku ikifika, uthibitisho kwanza. Kwa viongozi wakuu wa kitaifa tangazo hutoka serikalini: kifo cha Mkapa kilitangazwa na Rais Magufuli, cha Mwinyi na Rais Samia, cha Lowassa na Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais. Kwa mbunge mstaafu wa kwetu, mpigie msemaji wa familia, kisha chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza, kama hospitali, kanisa, msikiti au ofisi ya mkuu wa wilaya. Watu watatu waliosoma ujumbe mmoja wa WhatsApp ni chanzo kimoja.

Kuwa makini na usiku. "Amefariki usiku wa kuamkia Ijumaa" inaweza kuwa Alhamisi saa 4 usiku au Ijumaa saa 8 usiku, na tarehe ni mbili tofauti. Uliza saa, kisha andika siku na tarehe. "Usiku wa kuamkia leo" lisiingie kwenye faili, kwa sababu kesho yake gazeti likifika Makete linasema uongo.

Jaza nafasi, piga umri, mpe mwenzako asome kwa sauti kuanzia jina mpaka mwisho, huku wewe ukifuata karatasi ya ukweli kwa kalamu. Hapo dakika 20 zinatosha. Ikishatoka, karatasi ya ukweli mpe atakayeandika habari ya maziko, na marekebisho yoyote ya familia yaingizwe kwenye habari iliyoko tovutini siku hiyohiyo, kabla wasifu haujachapwa.